Gawanya Kwanza, Ndipo Utenganishe

Tutafute intego ya x³/(x² − 3x + 2). Asili ni (x − 1)(x − 2), kwa hiyo mwanafunzi mwenye haraka huandika A/(x − 1) + B/(x − 2) na kuendelea. Akiweka x = 1 anapata A = −1; akiweka x = 2 anapata B = 8. Kila kitu kinaonekana sawa, na hapo ndipo mtego ulipo.

Jaribu x = 0. Sehemu ya awali inatoa 0, lakini zile mbili zikijumlishwa zinatoa 1 − 4, yaani −3. Kuna kitu kimepotea. Kiasi kina kipeo cha 3 na asili kina cha 2, kwa hiyo ilipasa kugawanya kwanza. Ukigawanya kwa njia ndefu unapata x + 3, na baki 7x − 6. Ile 3 iliyopungua pale kwenye sifuri ni hiyo x + 3.

Sasa tenganisha baki: 7x − 6 = A(x − 2) + B(x − 1). Ajabu ni kwamba A na B ni zilezile, −1 na 8, kwa sababu x + 3 imezidishwa na asili, na asili ni sifuri kwenye 1 na 2. Ndiyo maana kosa hujificha.

Intego kamili ni:

x²/2 + 3x − ln|x − 1| + 8 ln|x − 2| + C