Bukavu: namna dimbwi la maji linavyosaidia kupima picha ya usiku

Mvua ikinyesha jioni mjini Bukavu, picha za barabara huanza kuzunguka katika simu: kundi la watu, moshi, duka linalodaiwa kuwaka moto. Wakaaji wengine hufunga butiki na kukimbilia nyumbani kabla ya kujua kama picha ni ya kweli. Lakini maji yaliyo chini yanaweza kutoa ushahidi.

Tuchukue mfano wa barabara ya Patrice Emery Lumumba, upande wa Nyawera. Taa ya butiki iko mita 3 juu ya lami. Mpiga picha amesimama mita 9 kutoka ukutani, simu ikiwa mita 1.5 kutoka chini. Mwanga hutoka kwenye maji kwa pembe ileile ulioingia nayo. Kwa kuwa taa iko juu mara mbili kuliko simu, umbali wake hadi mahali pa kuakisi ni mara mbili pia: mita 6 kwa taa, mita 3 kwa simu. Kama dimbwi halifiki pale, taa ile haitaonekana ndani yake. Mpiga picha akichuchumaa, mahali pale panamsogelea.

Katika picha iliyopigwa simu ikiwa wima, kivuli cha kila taa hukaa chini yake moja kwa moja. Chora mstari kutoka taa hadi kivuli chake, kisha fanya vile kwa taa za gari na za pikipiki. Mistari yote inapaswa kusimama wima. Simu ikiwa imeinama, mistari nayo itainama, lakini kwa utaratibu mmoja. Mstari mmoja ukienda upande wake peke yake, au moto mkubwa ukikosa mwanga wowote kwenye lami iliyolowa mbele yake, kuna sababu ya kutilia shaka.

Lami iliyolowa si sawa na dimbwi. Uso wake wa mchanga na kokoto usio laini huvunja mwanga, hivyo taa huonekana kama mchirizi mrefu unaomwelekea mtazamaji. Tena, Bukavu ni mji wa milima: lami hufuata mteremko na inaweza kupotosha mchirizi, lakini maji yaliyotulia ndani ya shimo hubaki sawasawa daima. Ndiyo sababu dimbwi ni shahidi bora.

Hata hivyo, tusihukumu haraka. Kivuli kinaweza kukosekana kwa sababu gari limeziba njia ya mwanga, au pikipiki imepita na kutikisa maji. Kivuli bila taa kinaweza kuwa cha taa iliyo nje ya picha.

Na picha ambayo mistari yake yote ni sawa inaweza kuwa ya mwaka jana, au ya mji mwingine. Dimbwi halitaji tarehe. Kabla ya kuituma, soma kibao cha butiki na umpigie mtu anayekaa mtaa ule.