Zao Sahihi, Mishale Kombo

"Zao nimelipata, mbona umenikata alama?" Msaidizi wa mhadhiri anayesahihisha kemia ya kaboni hulisikia swali hili kila anaporudisha karatasi. Tuchukue jibu moja la kawaida.

Swali lilitaka ionyeshwe jinsi bromomethani, CH₃Br, inavyomenyuka na ayoni ya hidroksidi, OH⁻. Lilikuwa na alama 4: mbili za mazao, mbili za mishale. Mwanafunzi aliandika methanoli, CH₃OH, na ayoni ya bromidi bila kosa. Lakini alichora mshale mmoja tu, ulioanzia kwenye kaboni na kuishia kwenye oksijeni. Akapata 2.

Mshale uliopinda, ambao Kermack na Robinson waliuingiza kwenye kemia mwaka 1922, hauonyeshi atomu inakoelekea. Unaonyesha safari ya jozi ya elektroni: mkia uko mahali jozi ilipo sasa, ncha iko inakokwenda. Mwanafunzi alijua kwamba bromini huvuta elektroni na kuiacha kaboni na chaji chanya kidogo, kwa hiyo akaituma kaboni kwenye hasi. Tukiusoma mshale wake ulivyo, kaboni inatoa jozi ambayo haina, na oksijeni, yenye elektroni 8 tayari, inaongezewa nyingine. Mwenye jozi huru za kutoa ni oksijeni, hivyo mkia ulipaswa kuanzia kwenye jozi mojawapo, na ncha kuishia kwenye kaboni.

Hata tukiugeuza mshale huo, bado jibu halijatimia. Kaboni ingekuwa na bondi tano, yaani elektroni 10, wakati haiwezi kubeba zaidi ya 8. Ndiyo maana oksijeni inapoingia, bromini hutoka papo hapo. Mshale wa pili huanzia katikati ya mstari wa bondi ya kaboni na bromini na kuishia kwenye bromini, ambayo huondoka na elektroni zote mbili.

Wengi hujikagua kwa kujumlisha chaji. Hapa kipimo hicho hakitoshi: kabla ya mmenyuko jumla ni −1, na hata ukiisahau bromini kwenye kaboni yenye bondi tano, jumla hubaki −1. Kinachofichua kosa ni kuhesabu elektroni zinazoizunguka kila atomu baada ya kila mshale.

Weka sasa 2-bromo-2-methilipropani kwenye maji. Kaboni yake imebanwa na makundi matatu ya methili, kwa hiyo bromini huondoka kwanza, peke yake, ndipo maji hufika katika hatua nyingine. Hapa pia bromini hutoka na alkoholi hupatikana, kama ilivyokuwa kwa bromomethani. Anayetazama mazao peke yake hawezi kujua mwanafunzi ameelewa njia ipi kati ya hizo mbili, na swali liliuliza njia.