Mhadhiri akibadili mtihani, muhtasari nao hubadilishwa: Mfano wa sheria ya mikataba

WANAFUNZI wa mwaka wa kwanza wa sheria hujikuta katika hali ile ile karibu kila muhula. Muhtasari wa somo la mikataba umekwisha kuandikwa, umepigiwa mistari kwa rangi tatu na umeanza kukaririwa. Kisha, zikiwa zimesalia wiki mbili, mhadhiri anatangaza kwamba mtihani hautauliza maana ya pendekezo wala aina za ukubali. Utaleta kisa cha nusu ukurasa, chenye watu, barua na tarehe, na chini yake sentensi moja tu: mshauri mnunuzi.

Wapo wanaotupa kila kitu na kuanza upya, na wapo wanaozidisha kukariri kile walichonacho. Makundi yote mawili hupoteza muda. Sheria zilizomo katika muhtasari ule ni zile zile ambazo mtihani mpya utazihitaji. Kilichopotoka ni mpangilio wake.

Muhtasari wa kukariri hupangwa kwa vichwa vya habari kwa sababu swali lenyewe hutaja kichwa. Mwanafunzi akiulizwa kuhusu ukubali, hufungua kichwani ukurasa wa ukubali na kuumimina. Swali la kisa halitaji kichwa chochote. Linasema kwamba mtu fulani alipiga simu kuuliza kama anaweza kulipa kwa awamu, na ni juu ya mwanafunzi kutambua kwamba hapo pana hoja ya kisheria.

Jambo hili limewahi kupimwa na wanasaikolojia. Mwaka 1977, Morris, Bransford na Franks wa Marekani walionyesha kwamba watu waliojifunza maneno kwa kuzingatia vina vyake walifanya vizuri zaidi pale jaribio lilipouliza kuhusu vina, ingawa kujifunza kwa kuzingatia maana ndiko kulikoonekana kuwa bora katika majaribio ya kawaida. Kumbukumbu hutoka vizuri pale inapoulizwa kwa njia inayofanana na ile iliyoingilia. Aliyeingiza sheria kwa njia ya vichwa vya habari hupata shida kuitoa kwa njia ya visa.

Kazi ya kwanza basi ni kugeuza vichwa kuwa maswali, na kuyapanga kwa utaratibu ambao mwanasheria huyauliza anapokabidhiwa jalada. Je, kulikuwa na pendekezo, au ni tangazo la kukaribisha mapendekezo tu? Je, pendekezo lilikuwa bado hai siku lilipokubaliwa, au lilikwisha kukataliwa au kuondolewa? Je, ukubali ulilingana nalo bila sharti? Je, ulikamilika lini, na dhidi ya nani? Maswali manne haya yanatosha kubeba kurasa sita za muhtasari wa kawaida. Maana ya kila neno hubaki, lakini kwa mstari mmoja.

Kazi ya pili ndiyo nzito zaidi, nayo ni kuandika kando ya kila sheria dalili zake, yaani yale mambo ya kawaida ambayo yakionekana katika kisa huiamsha sheria hiyo. Tarehe mbili zinazokaribiana ni dalili ya kuondolewa kwa pendekezo. Bei iliyotajwa na upande wa pili, ikiwa tofauti na ile ya kwanza, ni dalili ya pendekezo jipya. Neno "tangazo" au kioo cha duka lenye bidhaa ni dalili ya ukaribisho. Dalili hizi hazimo katika vitabu vingi vya kiada, na ndiyo maana hazimo katika mihtasari. Hupatikana kwa kusoma mitihani ya miaka iliyopita na kujiuliza ni neno gani hasa lililomfanya mtunzi wa swali aingize hoja ile.

Kisha zinakuja kesi. Muhtasari wa kukariri huzipanga kama orodha: jina, mwaka, kanuni. Kesi ya Hyde dhidi ya Wrench ya mwaka 1840, kwa mfano, huandikwa kwamba pendekezo jipya huua pendekezo la awali. Hiyo ni kweli, lakini haitoshi. Muuzaji alitaka pauni 1,000 kwa shamba lake, mnunuzi akasema atatoa 950, akakataliwa, kisha akarudi kusema anazikubali zile 1,000. Mahakama iliona kwamba hakukuwa na kitu cha kukubali tena.

Kesi hiyo huanza kufanya kazi inapowekwa ubavuni mwa Stevenson, Jacques dhidi ya McLean ya mwaka 1880. Hapo mnunuzi wa chuma aliuliza kwa simu ya maandishi kama muuzaji angekubali bei ile ile lakini chuma kipokelewe kwa muda wa miezi miwili. Mahakama ilisema lile lilikuwa ni swali tu, halikuliua pendekezo. Kinachopaswa kuandikwa katika muhtasari mpya ni ule mpaka uliopo baina ya kesi hizi mbili: mmoja alitaja bei yake, mwingine aliuliza tu. Watunzi wa maswali hupenda kuweka visa vyao juu ya mpaka huo.

Mfano ufuatao unaonyesha jinsi muhtasari uliogeuzwa unavyofanya kazi. Machi 3, muuzaji aliyeko Dodoma anamwandikia mnunuzi aliyeko Mwanza barua ya kumpendekezea mashine ya kukoboa mpunga kwa shilingi milioni sita, na kumtaka ajibu kwa barua. Barua inafika Machi 6. Kesho yake mnunuzi anapiga simu kuuliza kama malipo yanaweza kufanywa kwa awamu mbili. Muuzaji anasema atafikiri. Machi 10 muuzaji anatuma barua ya kuondoa pendekezo. Machi 11 mnunuzi, bila kujua hilo, anatuma barua ya kukubali shilingi milioni sita taslimu. Barua ya kuondoa inamfikia Machi 13, na ya kukubali inamfikia muuzaji Machi 14.

(Wahadhiri bado wanaipenda posta kuliko mteja yeyote wa leo, kwa sababu barua hukaa njiani siku kadhaa na kutoa nafasi ya ugomvi.)

Mwanafunzi mwenye muhtasari wa vichwa ataandika ukurasa mzima kuhusu maana na aina za pendekezo, kisha mistari mitatu kuhusu mashine. Mwenye muhtasari wa maswali huchora kwanza mstari wa tarehe. Swali la kwanza halina ubishi: bei, bidhaa na nia vimetajwa, hivyo pendekezo lipo. Mstari mmoja unatosha. Swali la pili linataka nafasi kubwa. Simu ya Machi 7 inafanana na chuma cha mwaka 1880 kuliko shamba la mwaka 1840, kwa kuwa mnunuzi aliuliza bila kuweka sharti. Hata hivyo wakili wa muuzaji anaweza kudai kwamba namna ya kulipa ni sehemu ya bei, na hoja hiyo inapaswa kuandikwa kabla ya kujibiwa.

Inabaki barua ya Machi 10. Hapa Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, ambayo ilifuata kwa karibu sheria ya India ya mwaka 1872, ina jibu katika kifungu cha 4 na cha 5. Pendekezo laweza kuondolewa wakati wowote kabla ukubali haujakamilika dhidi ya aliyelitoa. Ukubali hukamilika dhidi yake pale unapotumwa na kutoka mikononi mwa anayekubali, yaani Machi 11. Kuondolewa kwa pendekezo hakukamiliki dhidi ya mnunuzi mpaka kumfikie, yaani Machi 13. Kwa hiyo muuzaji alikwisha kufungwa siku mbili kabla barua yake haijafika. Mahakama ya Uingereza ilifikia matokeo kama hayo katika Byrne dhidi ya Van Tienhoven mwaka 1880, ambapo barua ya kuondoa pendekezo ilitumwa kutoka Cardiff kwenda New York Oktoba 8, ukubali ukatumwa Oktoba 11, na barua ile ikafika Oktoba 20.

Hapo ndipo muhtasari hujaribiwa kweli: badilisha jambo moja, uone kama bado unajibu. Tuseme mnunuzi ndiye aliyebadili mawazo, akampigia muuzaji simu Machi 12 kusema hataki tena. Aliyekariri kanuni ya posta ya Kiingereza, kwamba mkataba hukamilika barua inapotumwa, atasema amechelewa. Lakini chini ya Sura ya 345 ukubali haukamiliki dhidi ya mnunuzi mwenyewe mpaka umfikie muuzaji, Machi 14. Simu ya Machi 12 imewahi, na mnunuzi yuko huru. Tarehe zile zile zinamfunga mmoja na kumwacha mwingine. Muhtasari ulioandika "ukubali hukamilika unapotumwa", bila kuongeza "dhidi ya nani", ulikuwa sahihi kwa mtihani wa kukariri na ni mtego katika huu.

Makosa ya kazi hii yanajulikana. Lililo kubwa ni kukusanya majibu ya mfano na kuyakariri, jambo ambalo ni kurudi kule kule kwa mlango wa nyuma: siku ya mtihani mwanafunzi hujibu kisa cha mwaka jana badala ya kile kilicho mbele yake. Lingine ni kuchora michoro mizuri ya mishale inayoishia "ndiyo" au "hapana". Visa vingi huwekwa makusudi mahali ambapo pande zote mbili zina la kusema, na alama nyingi ziko katika kuzipima. Kila swali katika muhtasari liachiwe mstari mmoja wa hoja ya upande wa pili.

Wala si lazima kila mada igeuzwe. Historia ya sheria ya mikataba ni vigumu kuitungia kisa, nayo yaweza kuachwa ilivyo. Uwezo wa mtoto kuingia mkataba, ridhaa iliyopatikana kwa udanganyifu na fidia ya kuvunja mkataba hutungiwa visa kwa urahisi, na zinapaswa kufuata mara baada ya pendekezo na ukubali. Siku tatu za mwisho hutosha kujibu visa viwili vya mitihani iliyopita kwa saa, bila kutazama muhtasari. Pale kalamu iliposimama ndipo ukurasa wenye upungufu ulipo, na ndio wa kuandikwa upya jioni hiyo.