Iambie x264 inabana nini

Mchukue mhusika wa katuni ya kuchorwa aliyesimama mbele ya ukuta wa rangi moja. Uso wake ni rangi mbili tatu za kujaza, na umbo lake lote limezungushiwa mstari mweusi. Ukiibana video hiyo kupita kiasi, kando ya ule mstari hujitokeza vumbi linalotetemeka kila anapofungua mdomo. Mtu halisi aliyepigwa kamera akibanwa vivyo hivyo, uharibifu hujitokeza mahali pengine kabisa: ngozi hupoteza vinyweleo, kitambaa hupoteza nyuzi zake, na majani ya mti wa nyuma huwa doa moja la kijani.

Programu inayobana haijui inatazama kipi kati ya hivyo viwili. Ndiyo maana x264, programu huria ya kubana video kwa mfumo wa AVC ambao pia huitwa H.264, tangu mwaka 2009 ina chaguo linaloitwa `tune`. Wanaotumia HandBrake hulikuta kwenye menyu ya `Encoder Tune`, na wanaotumia ffmpeg huliandika wenyewe kwenye amri. Wengi huliacha tupu. Wengine huligusa wakidhani ni kitufe cha kupunguza ukubwa wa faili, na hapo ndipo wanapopotea, kwa sababu moja ya machaguo hayo hufanya faili livimbe.

Tuanze na katuni, maana ndiko faida inakoonekana upesi. Tuseme tuna kipindi cha katuni bapa chenye upana wa pikseli 1920 na kimo cha 1080, kama kilivyotoka kwenye programu ya kuchorea. Usianze na kipindi kizima. Kata dakika moja yenye mchanganyiko wa mambo, yaani mazungumzo, kukimbia, na mandhari ya usiku, kisha ibane mara mbili:

```
ffmpeg -ss 120 -i katuni.mov -t 60 -an -c:v libx264 -pix_fmt yuv420p -crf 21 bila.mp4
ffmpeg -ss 120 -i katuni.mov -t 60 -an -c:v libx264 -pix_fmt yuv420p -crf 21 -tune animation nayo.mp4
```

Amri zote mbili ni sawa isipokuwa `-tune animation` na jina la faili linalotoka. `crf` ni kiwango cha ubora, na namba ikipungua ubora hupanda na faili hukua. `yuv420p` imewekwa kwa sababu faili nyingi za `mov` zinazotoka studio hubeba rangi kwa muundo ambao simu nyingi hugoma kuufungua.

Sasa fungua `nayo.mp4` kwa MediaInfo, usome mstari mrefu wa `Encoding settings`. Neno `animation` hutalikuta humo. `tune` haina ufundi wake wa siri. Ni jina fupi la fungu la namba, na namba hizo ndizo zinazoandikwa ndani ya faili:

```
ref=6 / deblock=1:1:1 / psy_rd=0.40:0.00 / bframes=5 / aq=1:0.60
```

Kwenye `bila.mp4` mahali hapo hapo utakuta `ref=3`, `deblock=1:0:0`, `psy_rd=1.00:0.00`, `bframes=3` na `aq=1:1.00`. Ukizielewa tofauti hizi, umeelewa karibu kila kitu kuhusu `tune`.

`ref` ni idadi ya fremu ambazo programu inaruhusiwa kuzirejea ili kunakili kipande cha picha badala ya kukiandika upya. Katuni hujirudia sana. Mdomo una maumbo machache yanayopokezana, na jicho likifumba hufumbuka likiwa lile lile la fremu chache zilizopita. Kwa hiyo kumbukumbu inaongezwa mara mbili. `bframes` nayo inaongezwa kwa mbili. Hizi ni fremu zinazokisiwa kutokana na iliyotangulia na inayofuata, na ndizo zinazogharimu biti chache kuliko zote. Mhusika akitulia huku sauti ya msimulizi ikiendelea, fremu tano za namna hii zikifuatana hazina karibu chochote cha kuandika.

`deblock` ni kichujio kinacholainisha mipaka ya vile vitalu vidogo ambamo picha hukatwakatwa. Kwenye katuni kinaongezewa nguvu, kwa kuwa eneo la rangi moja halina kitu cha kupoteza likilainishwa. `psy_rd` ndiyo inayovutia zaidi. Kwa kawaida x264 hupendelea kuacha picha iwe na ukwaru kidogo kuliko kuisawazisha mno, kwa sababu jicho hukubali ngozi yenye ukwaru usio sahihi kuliko ngozi iliyofutika. Kwenye katuni ukwaru huo wa kubuni ndio lile vumbi kando ya mstari, basi tabia hiyo inashushwa kutoka 1.0 hadi 0.4.

Iliyobaki ni `aq`, na hii ndiyo yenye mtego. Kazi yake ni kuchukua biti kwenye sehemu zenye fujo na kuzipeleka kwenye sehemu tulivu. Katuni imeipunguza hadi 0.6, ili mistari na kingo zisinyang'anywe fungu lao. Gharama yake utaiona ukifika kwenye ile mandhari ya usiku. Anga inayotoka buluu nzito kwenda nyeusi taratibu inaweza kugawanyika mikanda mikanda, kama ngazi. Itazame kwenye skrini kubwa chumba kikiwa na giza, maana simu juani haitakuonyesha. Ukiiona mikanda, huna haja ya kutupa `tune` nzima. Chochote unachoandika mwenyewe kina nguvu kuliko namba za `tune`, kwa hiyo ongeza `-aq-strength 0.8`, au `-aq-mode 3`, ambayo imetengenezwa kupendelea sehemu za giza, kisha ubane tena dakika ile ile.

Tatizo la pili halionekani kwenye picha, linaonekana kwenye kifaa. Fremu ya 1920 kwa 1080 ina vitalu 120 kwa 68, jumla 8160. Vifaa vingi vya zamani, yakiwemo ving'amuzi na televisheni zinazosoma flashi, vilitengenezwa kwa kiwango cha AVC kiitwacho 4.1, ambacho kinaruhusu kumbukumbu ya vitalu 32768. Gawanya, utapata fremu nne. Katuni yetu inataka sita. Ukiongeza `-level 4.1` huku ukidai fremu sita, x264 inaweza kukuonya hivi:

```
DPB size (6 frames, 48960 mbs) > level limit (4 frames, 32768 mbs)
```

Ni onyo tu, na kazi huendelea mpaka mwisho. Kisha televisheni ya mteja inaonyesha picha iliyokatikakatika, au sauti peke yake, wakati kwenye kompyuta yako kila kitu kilikuwa sawa. Dawa ni kuandika `-refs 4` pamoja na `-tune animation`. Unapoteza sehemu ndogo ya faida, na zile namba nyingine zinabaki.

Neno `animation` pia lisikudanganye. Lilikusudiwa michoro bapa. Filamu ya Big Buck Bunny ya mwaka 2008, ambayo Blender waliitoa bure na yeyote anaweza kuipakua ajaribu, ni katuni kwa jina, lakini manyoya ya yule sungura na nyasi anazokanyaga zina ukwaru wa kutosha. Kulainisha vitalu vyake na kupunguza `psy_rd` ni kumnyoa sungura. Kwa kazi za 3D kama hiyo mimi huanza bila `tune` au na `film`, ambayo inapunguza kulainisha na kuongeza kidogo juhudi ya kuhifadhi ukwaru.

Chaguo la `grain` linaelekea upande wa pili kabisa. Limekusudiwa filamu iliyopigwa kwa mkanda, ile yenye chembechembe zinazocheza juu ya picha nzima. Chembe hizo hazijirudii, kila fremu ina zake, hivyo hakuna cha kunakili. Programu ikiachwa ifanye itakavyo, itazifuta kwenye fremu zinazokisiwa na kuzibakiza kwenye fremu kamili, na mtazamaji ataona picha inapumua: safi, yenye chembe, safi tena. `grain` inazuia hilo kwa kusogeza ubora wa aina zote za fremu uwe karibu sawa, na kwa kukataa kutupa vile vipande vidogo vya taarifa ambavyo kwa kawaida huhesabiwa si kitu. Kwa `crf` ile ile, faili litakuwa kubwa zaidi, na pengine kwa mbali sana.

Kwa sababu hiyo usilinganishe `tune` mbili kwa kutazama ukubwa wa faili chini ya `crf` moja. Namba 21 yenye `grain` na namba 21 bila hiyo si ubora ule ule. Panda au shuka na `crf` mpaka mafaili mawili yakaribiane kwa ukubwa, kisha tumia macho. Vipimo vya kompyuta kama PSNR vitaelekea kukuambia kwamba `grain` imeharibu, kwa kuwa vyenyewe hupenda picha iliyosawazishwa.

Na kabla ya kuichagua, jiulize chembe hizo zimetoka wapi. Chenga za kamera ndogo iliyopiga harusi ukumbini taa zikiwa hafifu hazina cha kuhifadhi. Kuzipa `grain` ni kulipia uchafu kwa megabaiti. Afadhali uzisafishe kwanza kwa `-vf hqdn3d`, halafu ubane kawaida.

Za picha mnato, `stillimage`, hazina mengi. Inafaa video ya picha za albamu zinazopishana, ambapo mtazamaji ana sekunde kadhaa za kukagua kila kona, na kwa hiyo ukwaru unapewa uzito mkubwa na kulainisha kunapunguzwa kuliko kwenye chaguo lolote jingine. Picha zikianza kusogezwa na kukuzwa polepole, jinsi wahariri wengi wanavyopenda, huo tayari ni mwendo, na `film` huenda ikakufaa zaidi.

Yote haya yana maana pale faili unalolitengeneza ndilo litakalotazamwa: kwenye flashi, kwenye tovuti yako, kwenye programu ya shule. YouTube huibana upya kila video inayopokea, kwa hiyo huko peleka faili lenye ubora wa juu uwaachie wenyewe. WhatsApp nayo huibana upya video, ila ukiituma kama hati itafika kama ilivyo.

Chaguo moja tu la aina ya picha linakubaliwa kwa wakati mmoja, lakini linaweza kuambatana na la kifaa, mfano `-tune animation,fastdecode` kwa simu dhaifu. Ukiandika hivyo, fahamu kwamba `fastdecode` huzima kabisa kichujio cha kulainisha vitalu, kile kile ambacho `animation` ilikuwa imekiongezea nguvu, na kwenye ule ukuta wa rangi moja vitalu vitarudi.