Mistari Inayokatika Njiani

PDF hushika kila herufi mahali pake, ndiyo maana kwenye simu msomaji husukuma ukurasa kushoto na kulia. EPUB huyaacha maandishi yajipange kufuata upana wa kioo.

Programu ya bure ya Calibre hugeuza kwa amri moja:

```
ebook-convert kitabu.pdf kitabu.epub --unwrap-factor 0.4
```

Namba hiyo ndiyo roho ya kazi. PDF nyingi hazihifadhi aya, mistari tu. Programu hukisia kwa urefu wa mstari kama uunganishwe na unaofuata. Kawaida ni 0.45. Sentensi zikibaki zimekatika, ipunguzwe. Beti za shairi zikigandana, iongezwe.

Kwanza, hata hivyo, mtu ajaribu kuteua neno moja kwenye PDF. Lisipoteulika, huenda kurasa ni picha tupu, na herufi zake lazima zitambuliwe kwanza kwa programu nyingine.