Mkutano wa ploti ya Kitengela: nani hasa alikuwemo?

Wapo Wapwani wengi siku hizi wanaochanga pesa pamoja kununua ardhi bara, hasa zile ploti za hamsini kwa mia za Kitengela na shamba kubwa zaidi kule Kajiado. Wachangaji wenyewe wametawanyika: huyu Kisauni, yule Lamu, mwengine Maskati. Mwenye kuuza, wakili na mpimaji wako huko huko Kajiado. Kwa hivyo mkutano wa kuamua pesa zitolewe au zisitolewe hufanywa kwa webina. Baada ya miezi miwili mtu husimama akasema, "Mimi sikuwepo, na wala hilo halikupitishwa."

Jambo hili si la kupuuzwa, kwani ardhi ya kilimo haiuzwi bila ridhaa ya Bodi ya Kudhibiti Ardhi, na ombi la ridhaa lazima lipelekwe ndani ya miezi 6 tangu mkataba kuandikwa. Kikundi kinachobishana juu ya akidi huku siku zinakwenda kinaweza kufikia muda huo umepita. Basi tutazame vipi Zoom inavyoweza kuamua ubishi huo, maana ndiyo inayotumiwa na wengi.

Kwanza, ndugu msomaji, tafauti hii iwekwe wazi: katika webina, rekodi huonyesha wazungumzaji na kinachoonyeshwa kwenye skrini. Wasikilizaji hawaonekani humo. Rekodi ni ushahidi wa kilichosemwa. Ushahidi wa waliohudhuria ni ripoti. Vyote viwili vyatakikana, na vyote hutengenezwa kabla ya mkutano, si baada yake.

Unapopanga webina, kwenye sehemu ya usajili weka `Required`, kisha uchague `Manually Approve`. Hapo kila anayeomba kuingia humngojea mwenyekiti alinganishe jina lake na daftari la wanachama, na akikubaliwa hupata kiungo chake peke yake. Bila ya usajili, mtu huandika jina na barua pepe yoyote aipendayo mlangoni, nawe utabaki na orodha ya akina "Samsung" na "Mama Fulani". Kwenye chaguo za usajili pia pana mahali pa kukataza kiungo kimoja kutumika kwenye vifaa viwili. Mimi naona ni bora kukataza.

Kisha weka alama kwenye `Automatically record webinar`, na uchague `In the cloud`, yaani rekodi ihifadhiwe kwa Zoom wenyewe. Chaguo hili ni la akaunti ya kulipia, lakini webina yenyewe ni ya kulipia vilevile. Rekodi ikiwekwa kwenye kompyuta ya mwenyeji, umeme ukimkatikia au kompyuta ikizimika huenda faili likaharibika. Teua na mtu wa pili wa kuendesha, aliye mji mwengine, ili mwenyeji akipotea mkutano uendelee. Mkutano ukisha, rekodi huchukua muda kutayarishwa, aghalabu mara mbili ya urefu wa mkutano, kisha barua pepe huja.

Kura nayo ipigwe humo humo kwa `Poll`, na isiwe ya kuficha majina. Ikifichwa, ripoti itakuonyesha hesabu bila wenyewe.

Baada ya mkutano ngoja kama nusu saa, ingia kwenye tovuti ya Zoom, fungua `Reports`, kisha `Webinar`, chagua `Attendee Report` na ubonyeze `Generate CSV Report`. Faili hilo hufunguka kwenye Excel. Hapa ndipo watu wengi hukosea, kwa sababu huhesabu mistari.

Tuseme kikundi kina wanachama 40 na katiba yao yataka theluthi mbili, yaani watu 27, na kila mmoja awe amekaa angalau dakika 60 kati ya 90. Orodha ya wasikilizaji ina mistari 32 yenye `Yes` kwenye safu ya `Attended`. Mwenye haraka atasema akidi imepita kwa watano.

Lakini kila mtu mtandao ukimkata akarudi, Zoom humwandikia mstari mpya. Aliyeingia 07:02 PM, akatoka 07:31, akarudi 07:40 na kukaa hadi 08:30 ana mistari miwili: dakika 29 na dakika 50. Ukitazama mmoja mmoja, haufiki 60. Ukijumlisha, amekaa 79 na anastahili. Kwa hivyo jumlisha kwa barua pepe, si kwa jina, maana jina hubadilishwa. Ikiwa barua pepe ziko safu ya E, dakika za `Time in Session` ziko safu ya J, na umeorodhesha barua pepe zisizojirudia kwenye safu ya P, andika:

```
=SUMIF(E:E,P2,J:J)
```

Angalia kwanza herufi za safu zako, huenda zikatafautiana na hizi.

Katika mfano wetu, wawili wana mistari miwili miwili na mmoja ana mitatu. Hiyo ni mistari minne ya ziada. Kisha kuna mzee mmoja ambaye jumla yake ni dakika 160 katika mkutano wa dakika 90. Jumla ikizidi urefu wa mkutano, jua kuna vifaa viwili kwa wakati mmoja. Tazama safu ya nchi: mstari mmoja Kenya, mwengine Oman. Mwanawe wa Maskati alitumiwa kiungo cha babake. Hao wanahesabiwa mtu mmoja. Mistari 32 imekuwa watu 27.

Wawili kati yao walikaa dakika 6 na 11 tu. Wamebaki 25, na akidi imeanguka.

Usikate tamaa bado. Juu ya faili, mbali na wasikilizaji, kuna majedwali mengine mawili: `Host Details` na `Panelist Details`. Mwenyekiti aliyeendesha na mhazini aliyekaa na wazungumzaji wako huko, na wote ni wanachama. Wakili na mpimaji nao wako humo, lakini hawahesabiwi. Basi 25 na 2 ni 27, na uamuzi umesimama kwa uzi mwembamba kabisa. Nani angejua kwa kutazama nambari ya kwenye skrini?

Saa nazo zina mtego wake. Ripoti hufuata majira yaliyowekwa kwenye akaunti. Yakiwa ya Marekani, mkutano wa saa moja usiku huenda ukaonekana wa asubuhi. Na ukialika jamaa wa Maskati, waandikie saa mbili, kwani wao wametutangulia saa moja.

Ripoti pia haijui kama mtu alikuwa akisikiliza au simu ilikuwa kitandani naye yuko barazani. Kura ya ghafla katikati ya mkutano ndiyo hufichua hilo kidogo: mwenye dakika 90 na kura sifuri aulizwe.

Mwisho, Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 yataka watu waambiwe kabla kwamba taarifa zao zinachukuliwa na ni kwa kazi gani. Liandike hilo kwenye fomu ya usajili. Faili la ripoti, lenye barua pepe za watu, likae kwa katibu. Kwenye WhatsApp ya kikundi tuma majina ya waliotimiza dakika peke yake.