Pampu ya Mto Sio: Itajilipa kwa Misimu Miwili?

Mkulima wa Marachi mwenye shamba karibu na Mto Sio huona maji yakipita Januari huku sukuma wiki yake ikinyauka. Pampu ndogo ya petroli inamvutia. Tuipigie hesabu kwa robo ekari, kwa bei za mfano. Yako iulizie Bumala au Busia.

Pampu ya inchi mbili tuipe shilingi 18,000, mpira wa kuvutia na chujio lake 4,000, mita 100 za paipu 15,000, na viungio 3,000. Jumla 40,000. Pampu isikae zaidi ya mita saba juu ya maji, la sivyo haitavuta, hata ikiwa mpya.

Robo ekari ni takriban mita za mraba 1,000. Jua la kiangazi likikausha milimita tano kwa siku, mimea inadai lita 5,000; ongeza nusu yake kwa yanayopotea, zinakuwa 7,500. Usiamini namba iliyobandikwa kwenye mashine, kwa kuwa mlima na urefu wa paipu huipunguza sana. Jaza pipa la lita 200 mwisho wa paipu. Likijaa kwa sekunde 90, unapata lita 8,000 kwa saa. Basi saa moja kwa siku yatosha, na petroli kama lita moja, shilingi 200. Kwa siku 80 za Desemba hadi Februari ni 16,000.

Sasa mavuno, na hapa ndipo wengi hujidanganya. Tuseme kwa pampu unavuna magunia 36, lakini kwa ndoo ungevuna sita. Pampu imeleta 30 tu. Kwa shilingi 1,500 kila moja ni 45,000. Toa petroli, kisha 11,000 za miche, mbolea, dawa na vibarua vya ziada, zinabaki 18,000.

Msimu wa pili, Juni na Julai, mvua bado hudondoka na mboga zimejaa sokoni. Pampu inaongeza magunia 12 tu ya shilingi 900, yaani 10,800. Ukitoa gharama za 7,000, zinabaki 3,800. Misimu miwili imerudisha 21,800, nusu ya mtaji na kidogo zaidi.

Ukilima nusu ekari kwa vifaa vilevile, na pampu ikinguruma saa mbili, faida inakuwa 43,600 na mtaji wote umerudi. Lakini magunia 60 ya kiangazi lazima yauzwe kwa angalau 1,440. Zikipungua zaidi ya shilingi 60 kwa gunia, umerudi nyuma, na mboga zinazovuka kutoka Uganda zaweza kushusha bei hiyo kwa asubuhi moja. Kabla ya kununua paipu, zungumza na mama mboga wanaonunua kwa jumla: Januari iliyopita walilipa ngapi, na wiki ngapi mfululizo?